Ruhusa ya mdomo ndiyo iliyoniponza, usiposti hiyo picha

"Wakuu, nipo Lindi, ghala la ufuta, mkataba wa msimu. Sera ya kampuni inakataza kuposti mambo ya kazi mitandaoni, lakini nataka watu wajue ninachokiweza ili nisikae bure msimu ukiisha. Supavaiza kasema niweke tu picha za kazi, mradi nifiche nembo. Niweke? Na kati ya LinkedIn na Instagram ipi inalipa, na saa ngapi watu wanaona zaidi?"

Usiweke. Kama umeshaikata na kuipangia maneno, iache hapohapo kwenye simu. Mimi niliambiwa maneno hayohayo, na mtu wa cheo hichohicho, nikiwa Mtwara msimu wa korosho, na nilipoyasoma hapa nimeshindwa kupita kimya.

Nilikuwa mpima ubora. Kazi yenyewe, kwa wasioijua, ni kuchoma magunia kwa bambo, kuchanganya sampuli, kupima kilo moja, kuhesabu korosho ngapi zimo, kisha kuzikata moja moja kwa kisu na kutenganisha viini. Vizuri huku, vyenye madoa kule, vilivyooza pembeni kabisa. Unachukua gramu za vizuri, unaongeza nusu ya vile vyenye madoa, unageuza kuwa paundi kwa gunia la kilo 80. Siku ile nilipata gramu 258 za vizuri na 28 za madoa. Nusu ya 28 ni 14, jumla 272, na hiyo inakupa paundi 48. Kwa korosho ghafi hiyo ni namba nzuri, na nilifurahi kwa sababu nilikuwa nimeikata sampuli nzima mwenyewe.

Nikapiga picha ya meza: mizani, kisu, viini vimepangwa mafungu matatu, na ubao wangu wa kuandikia pembeni. Supavaiza alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikamuuliza, "Kaka, naweza kuiweka LinkedIn?" Akasema, "Weka tu, hayo si matangazo ya bure kwetu? Ficha nembo." Nikaificha. Nikaandika kwamba leo nimepima mzigo wenye paundi 48, nikaweka eneo Mtwara, nikaposti saa saba mchana.

Sasa angalia kilichobaki kwenye picha baada ya nembo kutoka. Gunia la nyuma lilikuwa na maandishi ya wino ya chama cha msingi, nusu yake, lakini nusu ile ilitosha. Kwenye ubao ilionekana namba ya loti, tarakimu mbili za mwisho. Tarehe ilikuwa ya siku hiyo. Eneo nililiweka kwa mkono wangu. Ukitaja Mtwara, tarehe, chama na mwisho wa namba ya loti, mtu wa biashara hii hahitaji nembo. Anajua ni ghala gani, mzigo wa nani, na zaidi ya yote anajua ubora wake kabla majibu hayajatolewa rasmi kwa wanunuzi wote kwa pamoja.

Hapo ndipo kosa lilipo, na ndicho ambacho supavaiza wako pia hakioni. Kampuni haikuogopa nembo yake kuonekana. Iliogopa namba. Kwenye mnada, mnunuzi mmoja akijua loti fulani ina 48 na wenzake wanabahatisha, anajua apandishe bei wapi na anyamaze wapi. Mkulima anaumia, chama kinalalamika, na ghala linaonekana limempendelea mtu. Kwako kwenye ufuta ni hivyohivyo, ukionyesha kipimo cha unyevu au asilimia ya takataka kabla ya mnada umetoa siri ya mzigo wa watu hata kama hakuna herufi moja ya jina la kampuni.

Niliifuta baada ya kama dakika arobaini, mwenzangu aliponipigia akiniuliza kama nimerukwa na akili. Kufuta hakukusaidia kitu. Skrinshoti ilikuwa tayari kwenye grupu la WhatsApp la madalali, na kutoka hapo ikamfikia katibu wa chama, na kutoka kwa katibu ikamfikia meneja. Kesho yake asubuhi nikakabidhiwa barua ya kujieleza. Baadaye ikaja ya kuitwa kwenye kikao cha nidhamu, nikapewa saa 48 za kujiandaa.

Kwenye kikao nikasema niliruhusiwa. Wakamuuliza supavaiza. Akajibu, akiwa ananitazama machoni, kwamba hakumbuki mazungumzo hayo, na kwamba yeye hana mamlaka ya kuruhusu mambo ya mitandaoni. Na sehemu ya pili ilikuwa kweli. Sera ilikuwa mezani, wakaifungua, imeandikwa wazi kwamba chochote kinachohusu kazi kinapita kwa ofisa mawasiliano, kwa maandishi. Mimi niliisaini ile sera siku ya kwanza bila kuifungua. Nilipewa onyo la mwisho la maandishi, nikaondolewa kupima nikahamishiwa mapokezi ya magunia, na msimu ulipoisha mkataba haukuhuishwa. Msimu mzima uliofuata nilikaa nyumbani Chuno nikisubiri simu.

Supavaiza nimeshamsamehe, aliogopa kazi yake. Ambaye bado ananichoma ni yule mwalimu wa darasa la kujitangaza. Nililipa elfu hamsini kwa mafunzo ya wiki mbili kwenye WhatsApp, na somo alilorudia kila siku lilikuwa "usiombe ruhusa, omba msamaha". Anawafundisha hivyo watu wenye mikataba ya msimu! Yeye hana mwajiri, hana onyo la kupewa, hana loti ya mtu mkononi. Anaposti sahani ya chakula na kikombe cha kahawa. Ushauri wa mtu ambaye hawezi kufukuzwa haumfai mtu anayeweza kufukuzwa, na nilimwandikia hivyo, akanitoa kwenye grupu.

Kwa hiyo shika hili moja, hata kama mengine yote utayaacha: kilichopigwa picha au kuonekana ndani ya geti hakitoki nje ya geti bila maandishi ya mtu aliyetajwa kwenye sera, na maandishi hayo yawe ya chapisho lenyewe, picha yenyewe na maneno yenyewe. Mtu kukwambia "unaweza kuposti mambo ya kazi", hata kwa barua pepe, bado hujapewa kitu, maana kesho watabishana mambo ya kazi ni yapi.

Ninavyofanya sasa, nilipo sasa, ghala jingine. Naandika chapisho lote kwanza, naambatisha na picha, natuma kwa ofisa mawasiliano, nakala kwa supavaiza ili asije akashangaa. Barua yangu ya kwanza ilikuwa hivi:

"Naomba ruhusa ya kuweka andiko hili na picha hii moja, kama vilivyoambatishwa, kwenye ukurasa wangu binafsi wa LinkedIn. Havitaji mteja, chama, loti, kipimo cha mzigo wowote wala jina la kampuni. Kama kuna sentensi ya kuondoa, naomba nionyeshwe. Nisipopata jibu sitachapisha."

Hiyo sentensi ya mwisho usiiondoe. Kuna watu wanaandika "nisipojibiwa ndani ya siku tatu nitahesabu mmekubali". Ofisa akiisoma hiyo anakuona msumbufu, na kwenye kikao haikulindi. Ile yangu inamwondolea hofu, anajua hakuna kitu kitakachomlipukia akiwa likizo. Nilingoja siku tisa. Ilirudi imekatwa sentensi mbili na neno "tumekubali, kwa toleo hili". Barua hiyo ninayo kwenye simu na nimeichapa kwenye karatasi.

Na picha ile haikuwa ya ghalani kabisa. Hili ndilo jambo lililonifungulia njia. Nilikwenda kwa mjomba Newala nikachukua kilo mbili za korosho za shambani kwake, nikazikata juu ya meza ya jikoni nyumbani, kwa kisu changu, kwa mizani ndogo ya kupimia unga niliyonunua mwenyewe. Mama alitandika kanga ya zamani ili utomvu usiharibu meza. Nikapanga mafungu matatu kama kazini, nikaeleza hatua kwa hatua kwa nini kiini chenye madoa kinahesabiwa nusu na kilichooza hakihesabiwi. Ujuzi ni wangu, korosho ni za mjomba, na hakuna mnunuzi duniani anayeweza kushinda mnada kwa kuiona ile kanga. Hata hivyo ruhusa niliiomba, kwa sababu sera yetu inagusa biashara nzima ya kampuni na si picha za ghalani tu. Soma yako inasemaje.

Wewe fanya hivyo kwa ufuta. Chukua debe la nyumbani, upepete, upime takataka, ueleze. Usiguse sampuli ya ghalani hata iliyobaki, kwa sababu iliyobaki nayo ina mwenyewe. Na karatasi za mapokezi zisikae karibu na kamera, zina majina ya wakulima. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi, na majina ya watu si yako kuyatembeza.

Chapisho la tatu ofisa mawasiliano mwenyewe aliniomba aliweke kwenye ukurasa wa kampuni, na jina langu chini. Hapo mimi nilibonyeza kusambaza tu, bila kuongeza namba wala maelezo, na watu wa kazi hii wakanijua kwa mlango wa mbele. Kupitia hilo nilipelekwa kwenye banda la kampuni Nanenane pale viwanja vya Ngongo, nikakata korosho mbele ya watu siku nzima mpaka vidole vikabadilika rangi. Hapo kwenu Ngongo ni pua na mdomo. Muulize ofisa wako mapema nani anakwenda bandani mwaka huu, maana orodha hupangwa kabla watu hawajaanza kuulizia.

Jioni ya leo fanya jambo moja. Mwandikie supavaiza ujumbe mfupi: "Kaka, ile ruhusa ya picha uliyonipa leo, naomba uniandikie nimpelekee na ofisa mawasiliano." Usimlaumu, omba kwa heshima. Akiandika, mpelekee huyo ofisa pamoja na chapisho lako zima. Akikwepa au akijibu kwa kukupigia simu, umeshajua atasema nini siku ya kikao.