Gari la mkataba: wastani wa kilomita ulivyonidanganya

Pikapu yetu ya kusambaza bidhaa tuliikodi kwa miezi 36, kikomo kilomita 72,000, na kila kilomita ya ziada shilingi 500 kabla ya VAT.

Mwezi wa 18 ulipoisha niliwasha swichi pale uani Tabata, nikasoma dashibodi: 38,100. Nikatoa 1,200 zilizoandikwa kwenye hati ya makabidhiano, maana gari halikuja na sifuri. Zikabaki 36,900, wastani wa 2,050 kwa mwezi. Kwa mwendo huo tungemaliza na 73,800, ziada ya 1,800 tu, yaani shilingi 900,000. Nikapumua.

Dereva ndiye aliyenishtua. "Bosi, kwani Morogoro tumeanza lini?"

Miezi 12 ya kwanza gari lilizunguka Dar tu, kilomita 1,500 kwa mwezi. Tulipopata mteja Morogoro ikaongezeka safari moja kila wiki, karibu kilomita 380 kwenda na kurudi, na mwezi ukafika 3,150. Wastani wangu ulikuwa umechanganya maisha mawili ya gari. Miezi 18 iliyobaki ingekula 56,700, jumla 93,600. Ziada ni 21,600, sawa na shilingi 10,800,000. Weka VAT ya asilimia 18, inakuwa 12,744,000.

Kwa hiyo kadiria kwa mwendo wa miezi mitatu ya karibuni, na urudie hesabu kila njia inapobadilika. Sisi tuliwahi. Mwenye gari alikubali kutuuzia kilomita 18,000 za nyongeza kwa shilingi 300 kila moja, zikagawanywa kwenye kodi ya miezi iliyobaki. Pamoja na 3,600 za kulipia mwishoni, ikawa 7,200,000 kabla ya VAT badala ya 10,800,000. Sikununua zote 21,600 kwa sababu mkataba wetu haukurudisha pesa ya kilomita zisizotumika, na mteja wa Morogoro angeweza kuondoka.

Kwenye uchakavu, tafuta mkataba unaotaja vipimo. Wetu ulisema mkwaruzo usiofika kwenye bati ni uchakavu wa kawaida, na tairi lirudi na mifereji ya milimita 3 au zaidi. Wiki sita kabla ya kurudisha nilikagua gari limeoshwa, mchana kweupe. Tairi mbili za nyuma zilikuwa na milimita 2, na mlango wa nyuma ulibonyea pale tunapopakulia kreti. Tairi nilinunua mwenyewe, za saizi na daraja lilelile. Mlango sikuupeleka gereji ya mtaani, kwani rangi isiyolingana nayo hutozwa. Niliomba makadirio ya mwenye gari kwa maandishi, nikaupiga picha pembeni yake nimeweka rula, nikaandika na tarehe. Kiasi hicho nikakijumlisha na malipo ya zile kilomita 3,600, na kuanzia wiki hiyo nikawa naweka akiba.