Asili, maana na etimolojia ya jina Mariamu

"Jamani binti yangu ni Mariamu, websaiti moja inasema maana yake uchungu, nyingine nyota ya bahari, nyingine mpendwa. Nishike ipi?"

Dada, hizo websaiti zinachanganya vitu vitatu. Asili ni jina limetufikia kutoka wapi, na hapo hakuna ubishi, limetufikia kutoka kwenye Kiebrania, Miryam, sisi tukalipata kwa Waarabu likawa Mariamu na kwa Wakristo likaja kama Maria. Maana ni kile neno linachosema kwa mtu anayeongea lugha hiyo, mfano Neema, Mswahili yeyote anakuelewa bila kufungua kamusi. Sasa Miryam haliko wazi hivyo ndo maana watu wanaingia kwenye etimolojia, yaani kufukua mzizi wa neno, na wataalamu hawajakubaliana: wengine wanalitoa kwenye mzizi wa Kiebrania wa uchungu, wengine wa uasi, wengine wanasema ni la Kimisri, neno mry, kupendwa. Websaiti inaokota dhana moja inaiandika kama maana, basi.

Ila nyota ya bahari ni kesi tofauti kabisa. Mt. Yeronimo, mtafsiri wa Biblia wa karne ya 4, alilitafsiri jina hili kwa Kilatini stilla maris, tone la bahari, alikuwa anaona mar ni tone na yam ni bahari. Inaonekana wanakili baadaye wakaandika stella, nyota, herufi moja tu! Kwahiyo hiyo ni historia ya jina, tamu sana, lakini sio etimolojia yake.