Wadogo zangu wa rizavesheni, hiyo namba ya mdhamini ni ya nani?

Juzi dogo mmoja wa ofisini kaniletea sivii yake niipitie, kuna kampuni ya kule Njiro inatafuta mtu wa rizavesheni na yeye anaona hapa petu ameshaiva. Sivii safi, sina neno. Nikashuka mpaka chini kwa wadhamini, wa kwanza ni meneja wetu aliyeondoka Februari, cheo bado kaandikwa Meneja Operesheni, imeili ya ofisi, namba ya ofisi. Nikamwambia mdogo wangu, hebu ipigie hiyo namba sasa hivi nikiwa hapa. Akapiga. Ikaita ndani ya droo yangu.

Huyu ni wa tatu mwaka huu. Nawapenda wote lakini nimechoka kueleza kwa mmoja mmoja, kwa hiyo naandika hapa mara moja na atakayenijia tena na sivii ya hivyo namrudishia bila kusoma.

1. Meneja akiondoka, laini inabaki

Mnajua wenyewe kampuni za tua za hapa Arusha zilivyo. Meneja akiingia anapewa laptopu, simu na laini, na ile laini ni mali ya kampuni kwa sababu loji zote na madereva wote wanayo. Akitoka anaviacha mezani. Imeili yake nayo haifi siku hiyo hiyo, mara nyingi inaelekezwa kwa mkurugenzi au kwa aliyemrithi ili maombi ya wateja yasipotee. Kwa hiyo ukimwandika kwa anwani ile ya zamani humtafuti yeye, unawatafuta waliobaki. Na waliobaki ndio hao unaotaka kuwakimbia kimya kimya.

Haya najua kwa sababu yalinikuta, 2017, na mpaka leo nikisikia mlio ule wa simu tumbo linacheza.

Nilikuwa na miaka mitatu kwenye ofisi moja mjini, meneja wetu alikuwa mzee mmoja wa Moshi tulimwita Mangi tu, kila mtu, mpaka wapishi wa kambini. Masika ilipoingia na kazi zikakauka, akaaga, akarudi kwao. Siku ya makabidhiano aliyeandika ile karatasi ni mimi. Kwa mkono wangu: laptopu moja na chaja yake, simu moja na laini yake, funguo za kabati mbili. Akasaini, nami nikasaini kama shahidi. Miezi mitano baadaye naomba kazi sehemu nyingine, nafungua sivii ya zamani, nabadilisha tarehe, natuma. Namba ya Mangi ni ile ile niliyoishuhudia ikirudishwa. Sikufikiria hata dakika moja, ile namba kichwani mwangu ilikuwa ni Mangi.

Alhamisi saa nne asubuhi, muda wa chai, nimeshika chapati yangu, ile simu ikaita meza ya mbele yangu. Aliyekuwa nayo ni mpwa wa mkurugenzi, ndiye aliyepewa nafasi ya Mangi. Nikamsikia anasema, "Hapana, huyo alishaacha kazi... Nani? Aa, huyo yupo, namuona hapa anakunywa chai. Nimpe?" Kisha akanyamaza kidogo, akaniangalia, akasema polepole, "Kumbe ameomba kazi kwenu."

Jamani. Chapati ilinigomea kooni.

Nilidhani yameishia hapo. Kumbe afisa utumishi wa kule alivyoona simu imeenda kombo akatuma fomu ya mdhamini kwa imeili, na imeili ya Mangi ilikuwa inaingia kwa mkurugenzi. Jioni naitwa ofisini, fomu imeshachapishwa, iko mezani, maswali yote yanaonekana: umefanya naye kazi muda gani, anaaminika kwenye fedha, kwa nini anaondoka, je, ungemwajiri tena. Mzee kavaa miwani, kalamu mkononi, ananiuliza kwa upole kabisa, "Nikujazie?" Angenifokea ningepona haraka. Kazi ile sikuipata, na pale nilipokuwa sikufukuzwa, ila nikaacha kuitwa kwenye vikao vya msimu, ikawa kila groupu kubwa linapita kwa wengine, mpaka Desemba mkataba ukaisha na hakuna aliyeuliza.

Sasa mdhamini aliyeondoka anaandikwa hivi: "Aliyekuwa Meneja Operesheni na msimamizi wangu wa moja kwa moja, 2014 hadi 2017", halafu anachofanya sasa hivi, halafu namba yake binafsi ambayo umeipigia wewe mwenyewe wiki hiyo na akapokea. Ukiweka imeili ya jimeili peke yake bila maelezo, afisa utumishi makini atajiuliza kama siyo shemeji yako.

Na kumbukeni mtu aliyeondoka anaweza kueleza kazi yako ilivyokuwa, hawezi kuthibitisha rekodi za kampuni, hana faili tena. Tarehe na cheo vinathibitishwa na cheti cha utumishi, ambacho mwajiri anatakiwa kukupa ajira ikikoma, ipo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 44. Dai kabla hujarudisha funguo.

2. Usimwambie "naomba uwe mdhamini wangu" halafu ukakaa

Baada ya aibu ile nikaitafuta namba ya kweli ya Mangi kwa dereva mmoja, nikamwandikia wasap: "Shikamoo bosi, samahani, naomba uwe mdhamini wangu." Tiki za bluu. Kimya. Siku tisa. Nikajisemea huyu mzee ana kinyongo na mimi, nikapanda kosta mpaka Moshi, nikamkuta dukani kwake karibu na soko la Mbuyuni anapima mbegu za mahindi. Hata shikamoo hajaimaliza kuipokea, akaanza, "Mdogo wangu, mimi mwenyewe nadaiwa na SACCOS, sasa wewe unataka kukopa shilingi ngapi?"

Tulicheka hadi mteja akaomba chenji yake aondoke. Lakini angalieni, ningekuwa nimemwandika kwenye fomu bila kumfuata, angepigiwa na mtu asiyemjua anayeuliza habari za udhamini, na yeye angekana kwamba ananijua!

Siku hizi ujumbe wangu unakuwa mrefu kidogo, uchukueni: "Shikamoo bosi. Ni fulani wa rizavesheni, tulikuwa wote 2014 hadi 2017. Naomba kazi ya rizavesheni kwenye kampuni moja hapa Arusha, wanataka mtu wa kueleza utendaji wangu kazini, siyo mkopo. Wanaweza kukupigia wiki ijayo. Je, uko tayari, na nitoe namba ipi? Kama hauko huru niambie tu, nitaelewa." Akikubali ndipo unamtumia tangazo la kazi na sivii ile ile uliyoituma kule, ili msipishane tarehe.

Halafu mkumbushe mambo. Hii watu wanaona kama kujipendekeza lakini bosi aliyeondoka anasahau, na kinachobaki kichwani mwake ni siku uliyomtoa jasho. Pale dukani nilimuuliza Mangi, wakikupigia utasema nini? Akafikiri, akasema, "Wewe si ndiye uliyepoteza vile vyumba saba?" Nikaishiwa nguvu. Ni kweli. Lilikuwa groupu la Julai, loji ya ukingoni mwa kreta ilitushikilia vyumba saba mpaka tarehe fulani kusubiri deposit, mimi tarehe ikanipita kwa siku moja, mfumo wao ukaviachia, kufika asubuhi wameshapewa wengine. Miaka mitatu ya vocha zisizo na kosa, yeye kabaki na vyumba saba.

Sikubisha. Nikamwambia ndiyo bosi, ni mimi, na usiku ule ule nilipata vyumba saba Karatu, nikapanga upya muda wa kuamka ili wafike geti la Lodoare mapema, na tangu siku ile nikaanza lile daftari la tarehe za kuachia vyumba, unalikumbuka, lenye jalada jekundu? Akanyamaza, akasema, "Daftari lile mpaka naondoka tulilitumia." Basi, hayo ndiyo aliyokuja kuyasema alipopigiwa, kosa na daftari kwa pamoja, na afisa utumishi aliniambia baadaye kilichomvutia ni daftari. Ningemwomba afiche lile kosa angeanza kubabaika kwenye simu, na mtu anayebabaika upande wa pili unamsikia.

3. Yule mgumu

Kuna meneja mwingine nilikuwa naye baadaye, dada mmoja mkali, tuligombana zamu za Krismasi tukaachana bila kuagana vizuri, naye pia akaondoka kampuni. Kwa huyu kanuni yangu ni swali lile lile, utasema nini, na kusikiliza anavyojibu kuliko anachojibu. Akitaja kazi maalum uliyoifanya, huyo mweke. Akisema "we weka tu" huku anaangalia pembeni, asante sana, tafuta mwingine: mhasibu aliyekuwa anapitisha vocha zako, dereva kiongozi, au mtu wa rizavesheni wa loji mliyekuwa mnawasiliana kila siku, maana naye anajua kama ulikuwa unalipa kwa wakati. Mimi yule dada aliniambia, "Nitasema ukweli," kwa sauti ile ambayo mnaijua. Nikaweka mhasibu.

Lakini fomu ya mwajiri ilitaka msimamizi wa mwisho, hakuna kukwepa. Basi mwisho wa intavyuu nikasema mwenyewe, mtampigia fulani, tulipishana kuhusu zamu, atawaambia, na upande wake una haki kiasi. Sentensi mbili, nikanyamaza. Nilitaka kuendelea kujitetea, nikajiuma ulimi. Walimpigia. Alichosema sikijui mpaka leo, kazi niliipata, na tukikutana Soko Kuu tunasalimiana vizuri tu.

Ila mtu aliyeondoka kwa kesi ya pesa, hata kama alikupenda kama mwanawe, msimuweke. Mji huu ni mdogo.

Kwa wanaomtaka meneja wetu wa Februari: namba yake binafsi ninayo lakini siigawi kama pipi. Nimemuuliza jana, amesema wanaomtaka wanitumie majina kwanza, na wewe dogo wa Njiro anakukumbuka, ameuliza kama ndiye yule aliyepeleka wageni wa Tarangire kwenye kambi ya watu wengine. Nimemwambia utampigia mwenyewe, saa mbili usiku, akishatoka shambani.