Jina la tovuti huandikwa kwa sikio kwanza

Wadogo zangu mnaoanza kutengenezea watu tovuti hapa Mwanza, mteja wenu wa kwanza huenda akawa kama wangu: mama anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba, anayetuma magunia Dodoma na Dar kwa mabasi ya stendi ya Nyegezi, na wanunuzi wake wengi hajawahi kuwaona. Wanapigiana simu. Katikati ya makelele ya soko, mnunuzi anauliza, "Mama, hiyo tovuti yako inaitwaje?" Mama anataja, mtu wa Dodoma anaandika kile alichosikia. Domeni yenu inafaa au haifai kwa kadiri inavyovuka hapo.

Mama huyu alikuja na jina lake tayari: Dagaa Asili Ukerewe. Ukiliona kwenye bango ni zuri. Ila domeni haina nafasi kati ya maneno, kwa hiyo likawa hivi: dagaaasiliukerewe.co.tz. Hesabu hizo a. Ni tatu mfululizo, na mtu hawezi kuzisikia tatu. Kiswahili chetu karibu kila neno linaishia na irabu, kwa hiyo ukiunganisha na neno linaloanza kwa irabu, pale kwenye kiungo ndipo watu wanapopotea. Mwanzoni mimi sikuliona hilo, nililiona baada ya kuwapigia watu simu.

Jaribio lenyewe halina gharama zaidi ya muda wa maongezi. Tafuta watu kumi ambao hawajaliona jina popote, na usichukue ndugu wa mteja. Wapigie, usiwaandikie, maana ukiwaandikia umeshawapa majibu. Taja jina mara moja kwa mwendo wa kawaida, kisha mwambie akutumie kwa meseji vile alivyolisikia. Asikuulize "a ngapi?", na wewe usimsahihishe. Kwa jina la mama, wawili tu waliandika sawasawa. Wanne waliweka a mbili, watatu walitenganisha kwa nafasi au kistari, na mmoja akaandika dagasili, Ukerewe ikapotelea ziwani.

Nilipomwonyesha zile meseji, mama alicheka, halafu akanyamaza. "Sasa mwanangu, si ndilo jina la biashara?" Nikamwambia bango linaweza kubaki, tunatafuta la kutajwa kwenye simu. Tena Ukerewe lilikuwa linambana: miezi mingine mzigo wake unatoka Sengerema, na mnunuzi makini angeuliza kwa nini jina linasema kingine.

Tukajaribu chanjani, kwa kuwa dagaa wake wanaanikwa juu ya chanja, hawagusi ardhi. Herufi nane, irabu hazigongani, hakuna dh wala gh za kumtatanisha mtu. Wote kumi waliliandika vizuri. Lakini siku mbili baadaye niliwapigia tena kuuliza kama wanalikumbuka, na wanne wakaniuliza kama ni mambo ya chanjo. Hiyo simu ya pili msiiruke. Ya kwanza inapima tahajia, ya pili inapima kumbukumbu na picha iliyobaki kichwani. Jina linaweza kuandikika vizuri na bado likampeleka mtu hospitali.

Jina la mwisho alilitoa mama mwenyewe bila kujua. Nilikaa kizimbani kwake asubuhi moja, nikasikia kila anayepiga simu anauliza swali lilelile: "Hawana mchanga?" Naye kila mara, "Bila mchanga, baba. Bila mchanga, dada." Dagaa wa kuanikwa chini wanakuja na mchanga, na aliyewahi kuwatafuna hasahau. Nikaandika kwenye kiganja: bilamchanga. Kwenye simu, tisa kati ya kumi wakapata. Wa kumi aliandika biramchanga. Hilo nililitarajia, kwa sababu l na r hubadilishana midomoni mwa wengi wetu wa kanda hii. Baada ya siku mbili, wanane walilitaja wenyewe kabla sijamaliza kuuliza.

Hapo kuna uamuzi wa pesa. Kosa moja linalotabirika unaweza kulisajili nalo, likamwelekeza mtu kwenye tovuti ileile. Tulichukua na biramchanga. Lakini kama jina linahitaji makosa matano yasajiliwe, achana nalo, ni jina baya. Kwa sababu hiyohiyo siweki kistari wala tarakimu: kila ukitaja "mbili" lazima uongeze "ya namba, si ya maneno". Na wenye majina ya ukoo kama Ng'wana wajue mapema kwamba domeni ya kawaida haipokei ile alama ya ng', inakubali herufi, tarakimu na kistari tu. Itakuwa ngwana, na watakaoisoma hivyo watakuwepo.

Mwisho wa jina nao ulinipa kazi. Nilitaja .co.tz kwa watu wote kumi, watatu wakaandika .com. Kwao "doti komu" ndiyo tovuti. Kwa mteja wa ndani mimi napendelea .co.tz, inamwambia muuzaji ni wa hapa, lakini kabla ya kuamua angalia nani ana .com ya jina hilohilo. Kama ni muuzaji mwingine wa vyakula, oda zako na barua pepe zako zitamwangukia yeye. Tazama zote mbili:

```
whois bilamchanga.co.tz
whois bilamchanga.com
```

Kwa .co.tz, ukijibiwa `no entries found`, jina halijachukuliwa. Usikae nalo wiki nzima ukilitangaza kabla ya kulilipia. Tafuta na kwa BRELA kama kuna aliyekwisha kulisajili kama jina la biashara.

Ukishalipia, rudia amri ileile usome mstari wa `registrant`: una kodi tu, kwa hiyo shuka hadi sehemu ya `contact` yenye kodi hiyohiyo usome jina. Liwe la mteja, si lako. Namfahamu mwenye duka aliyesajiliwa domeni na fundi kwa jina la fundi, kwa barua pepe ya fundi. Walipokosana, taarifa za kulipia mwaka uliofuata zilikwenda kwa fundi, jina likaisha muda, na vifungashio vilivyokwisha kuchapwa vikawa vinatangaza ukurasa mtupu. Uliza pia bei ya kulipia upya, maana ya mwaka wa kwanza mara nyingi ni ya kuvutia tu.

Kuhusu kuaminika, sehemu kubwa niliikuta kwenye malipo. Mtu wa Dodoma akilipa kwa lipa namba, simu inamwonyesha jina kabla hajaweka namba ya siri. Jina la mama lilikuwa lake la kuzaliwa, tovuti inasema Bila Mchanga, na wengine waliishia hapo wakapiga kuuliza kama wametapeliwa. Alipobadilisha jina la lipa namba likafanana na la tovuti, na barua pepe ikawa oda@bilamchanga.co.tz, simu hizo zilipungua sana.

Kilichobaki ni vifungashio. Kwenye domeni herufi kubwa na ndogo ni sawa, kwa hiyo tuliandika BilaMchanga.co.tz ili jicho lione maneno mawili. Mchapaji akaona amekosea mtu, akaweka nafasi katikati. Nikairudisha nakala hiyo ya majaribio. Ya pili ikaja na nafasi baada ya nukta. Nikairudisha tena, ya tatu ndiyo tukachapa.