Umeletewa mkataba wa usiri? Usome kama mtu atakayeshtakiwa nao

Maswali ya safari hii yametoka kwa waanzilishi wa kampuni changa walioletewa mkataba wa usiri na kampuni kubwa. Karibu wote wanataka kujua siri yao italindwaje. Wachache mno wanauliza wao wenyewe wanafungwa na nini, na huko ndiko watu wanakoumia. Nawajibu kwa kufuata sheria ya Tanzania Bara.

Wamenitumia kurasa sita, Ijumaa wanataka sahihi. Mimi si mwanasheria, nianze kusoma wapi? (Mwanza)

Anza na tafsiri ya "Taarifa za Siri", kwa kuwa ibara nyingine zote zinaegemea hapo. Tuseme una programu ya kuhesabu bidhaa, na msambazaji wa vinywaji anataka kuijaribu kwenye maghala yake. Ibara inasema siri ni "taarifa yoyote, ya mdomo au ya maandishi, iwe imewekwa alama au la". Kwa maneno hayo, hata alichokisema meneja mauzo mkinywa chai ni siri. Miezi minane baadaye hutakumbuka kipi ulikisikia kwao na kipi ulikuwa unakijua, na wao ndio watakaodai kwamba vyote ni vyao.

Omba ibara isomeke hivi: maandishi yawe na alama ya "SIRI", na kilichosemwa kwa mdomo kithibitishwe kwa barua pepe ndani ya siku 14. Wakikataa, basi angalau wataje aina za taarifa: bei za kununulia, orodha ya wateja, mauzo ya kila ghala.

Ukitoka hapo, tafuta ibara ya matumizi yanayoruhusiwa. Ikisema "kutathmini ushirikiano" peke yake, siku utakapoingiza takwimu zao kwenye programu ili kuijaribu utakuwa umeshavuka mpaka. Ongeza "na kufanya majaribio katika maghala". Neno hilo moja lisipokuwepo, kazi mliyokubaliana kwa mdomo inageuka uvunjaji wa mkataba.

Nikishasaini, wazo langu haliibiwi tena, sivyo? (Dar es Salaam)

Nimelijibu hili mara nyingi, na bado linaletwa na watu ambao hawajafungua hata ukurasa wa kwanza. Tazama nani ametajwa kuwa "Mtoaji". Kama ni wao tu, wazo lako halimo kabisa: umeahidi kutunza siri zao, wao hawajaahidi chochote. Dai mkataba wa pande mbili. Na kama ulishalieleza wazo hilo jukwaani au Instagram, si siri tena, na hakuna sahihi itakayolirudisha.

Kwenye vighairi wameweka "taarifa zilizo hadharani" tu. Inatosha? (Arusha)

Haitoshi. Vitu visivyohesabiwa kuwa siri visipungue vinne: kilicho hadharani bila kosa lako, ulichokuwa nacho kabla hawajakupa, ulichopewa na mtu mwingine mwenye haki ya kukitoa, na ulichokibuni mwenyewe bila kutumia taarifa zao. Cha nne ndicho roho ya kampuni changa, na ndicho kinachoachwa mara nyingi. Kikikosekana, kila kipengele utakachoongeza kwenye programu baada ya vikao kinaweza kudaiwa kuwa kimetoka kwao. Ongeza pia ruhusa ya kutoa taarifa mahakama au TRA wanapokulazimisha kisheria, kwa sharti la kuwajulisha wenzako kwanza pale sheria inaporuhusu.

Ila kighairi bila ushahidi hakikusaidii, maana wewe ndiye utakayetakiwa kuonyesha ulikuwa na nini na lini. Kabla ya kikao cha kwanza, weka alama kwenye msimbo wako:

```
git tag -a kabla-ya-kikao -m "Hali ya programu kabla ya kikao"
git push origin kabla-ya-kikao
```

Usiishie kwenye kompyuta yako, kwa sababu tarehe za git mwenye mashine anaweza kuzibadilisha. Siku hiyohiyo mtumie wakili wako kwa barua pepe nakala ya msimbo na maelezo ya vipengele mnavyopanga kujenga.

Na kuna kighairi ambacho wao ndio hupenda kukiingiza: kwamba wafanyakazi wao wako huru kutumia "kitakachobaki katika kumbukumbu zao". Kifute. Mhandisi wao mzuri akikaa na mfumo wako saa mbili, ataondoka na yote ya maana kichwani, na mkataba utakuwa umembariki.

Miaka mingapi ndiyo kawaida? (Dodoma)

Miwili hadi mitano, lakini idadi peke yake haikuambii kitu. Kuna muda wa kupeana taarifa na kuna muda wa kutunza siri, na lazima ujue huo wa pili unahesabiwa kuanzia lini. Chukua mkataba wa 1 Machi 2025, kupeana taarifa mwaka mmoja, kutunza siri miaka mitatu. Walikupa bei zao 10 Machi 2025. Ukihesabu tangu siku ya kupewa, unakuwa huru 10 Machi 2028. Ukihesabu tangu mkataba kuisha, unasubiri hadi Machi 2029. Na kama mkataba unajihuisha wenyewe kila mwaka, saa haijaanza hata kuhesabu. Dai tarehe ya mwisho iliyoandikwa. "Milele" ikubali kwa siri za kibiashara zilizotajwa waziwazi tu, tena kwa muda ambao bado ni siri.

Wameandika nikivunja nalipa milioni 200. Mahakama itanilipisha zote? (Morogoro)

Si lazima. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya kiasi kinachofaa, isiyozidi kiasi kilichotajwa. Kwa hiyo hizo milioni 200 ni dari. Lakini usisaini kwa kutegemea hilo. Kwanza tazama ni sheria ya nchi gani na shauri linasikilizwa wapi: ikiandikwa sheria ya Uingereza na usuluhishi wa London, kifungu cha 74 hakikuhusu tena, na gharama za kujitetea tu zinaweza kukumaliza. Pili, tafuta neno "kufidia hasara zote, zikiwemo gharama za mawakili". Hilo halina dari. Omba ukomo wa kiasi.

Zaidi ya fidia kuna zuio la mahakama. Tangu shauri la Atilio dhidi ya Mbowe la 1969, mwombaji anatakiwa kuonyesha kuna hoja ya msingi ya kuamuliwa, kwamba atapata hasara isiyofidika kwa fedha, na kwamba ataumia zaidi kwa kukosa zuio kuliko wewe utakavyoumia kwa kuwekewa. Mikataba mingi inakufanya ukiri mapema kwamba hasara haifidiki. Badilisha isomeke "anaweza kuomba zuio", basi. Kwa kampuni yenye bidhaa moja, zuio la miezi sita ni baya kuliko faini.

Mwekezaji amekataa kusaini mkataba wangu wa usiri. Nimwogope? (Dar es Salaam)

Hapana. Anapokea mawazo yanayofanana kila siku na hawezi kujifunga kwa kila moja. Mwonyeshe matokeo, ukiacha msimbo na orodha ya wateja nyumbani.

Nisaini kwa jina langu au la kampuni? (Tanga)

La kampuni, ukiandika cheo chako chini ya sahihi. Kama bado hujaisajili BRELA, hakuna kampuni hapo: anayefungwa ni wewe, na nyumba yako ikiwemo. Sajili kwanza.