Sinki ya mafaili ya saa nane usiku ilivyonila siku 23

"Wakuu, nimeseti mafaili ya ofisi hapa Arusha yasinki kila siku saa nane usiku kwenda kompyuta ya tawini. Usiku kompyuta ya hapa inakuwa imelala au kuna mtu ameizima, je itaamka yenyewe? Na program gani nzuri, na bando itakula kiasi gani?"

Usiiache hivyo hata usiku wa leo mkuu. Ikilala inaweza kuamka, ikizimwa haiamki, na wewe umesema lolote kati ya hayo mawili linatokea, hapo ndipo mimi nilipoumia.

Tupo Moshi, tunauza vifaa vya ujenzi, tawi liko Arusha. Fundi alikuja akaweka kazi kwenye Task Scheduler ya Windows, hesabu na stoo ziende tawini kila saa nane usiku, akatiki `Wake the computer to run this task` pale kwenye Conditions, halafu akanitazama usoni akasema "hata mkizima itajiwasha yenyewe bosi." Aisee yule mtu mpaka leo nikimkumbuka nachemka, maana alilipwa na hakujua anachokisema! Ile tiki inaiamsha kompyuta iliyolala, kwa sababu ikilala Windows bado imeshikiliwa kwenye RAM na saa ya ndani imeachiwa kazi ya kuiamsha. Ukishabonyeza Shut down ile alamu haipo tena, na mtu akizima soketi ya ukutani ndo kabisa.

Mwanzoni ilikwenda vizuri, mhasibu alikuwa anaondoka anaiacha inalala. Baadaye tukaona LUKU inaisha haraka, tukakubaliana jioni kila kitu kizimwe, hakuna aliyekumbuka sinki, mimi mwenyewe sikukumbuka.

Sasa sikia kosa lililonigharimu. Kila Jumatatu nilikuwa nafungua Task Scheduler naangalia `Last Run Result`, naona `The operation completed successfully. (0x0)`, nafunga, naendelea na kazi. Yale ni majibu ya mara ya mwisho ilipokwenda, hata kama ni wiki tatu zilizopita! Pembeni yake kuna `Last Run Time`, ilikuwa imeganda tarehe 4 na sikuwahi kuisoma. Tarehe 27 umeme ukakatika ukarudi kwa kishindo, kompyuta ikawaka lakini diski yenye mafaili haionekani. Nikapanda basi hadi Arusha, kilomita kama 80, njia nzima najipa moyo kwamba kopi ipo. Nafungua folda, faili jipya kuliko yote limeandikwa tarehe 4, 2:03 AM.

Siku 23. Watu wawili wamekaa siku 9, Jumapili ikiwemo, wanaingiza upya kutoka kwenye risiti za EFD, nyingine zimefifia hadi unazigeuzageuza dirishani usome namba. Mauzo ya keshi tulipata mengi. Madeni ya wateja yaliyokuwa kwenye kompyuta tu, milioni mbili na kitu, hayakurudi.

Kwa hiyo mkuu, sinki iweke saa ambayo kuna mtu amekaa mbele ya hiyo kompyuta. Mimi yangu nimeihamishia saa saba mchana, watu wakienda kula, ruta iko hewani na ya tawini imewashwa, maana hata yako ikiamka usiku huku ruta imezimwa au upande wa pili umelala, hamna kitakachofika. Halafu kwenye hiyo kazi ndani ya Task Scheduler nenda Settings utiki `Run task as soon as possible after a scheduled start is missed`, yenyewe huwa haina tiki. Hapo saa saba ikikuta umeme umekatika, ukiwasha inasubiri kama dakika 10 halafu inakwenda. Ila inakwenda mara moja tu, hata kama zilipita siku tano. Na kama ni laptop, kwenye Conditions kuna `Start the task only if the computer is on AC power`, hiyo inakuja na tiki tayari, ukiwa kwenye betri haianzi.

Kama unang'ang'ania usiku, basi isizimwe kabisa, ilale tu, na kwenye Power Options `Allow wake timers` iwe Enable. Kabla ya kuondoka fungua Command Prompt kama administrator:

```
powercfg /waketimers
```

Kazi yako isipotajwa hapo, usiku haiamki. Na ukitaka kujua kama kuna mtu anazima, nenda Event Viewer, Windows Logs, System, tafuta namba 1074, inaonyesha saa na akaunti iliyozima. Namba 42 ni kulala. Mimi nilikuta 1074 kila jioni saa kumi na moja na dakika tano, wiki tatu mfululizo.

Sasa hivi kabla hujafanya kingine nenda kwenye kompyuta ya tawini, ufungue folda usome tarehe ya faili la mwisho, halafu rudi utuambie umekuta ngapi.