Nusu kilo ya mbuzi ina protini kiasi gani?

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii akiwa amekasirika: "Kaka, kila jioni napiga nusu kilo ya mbuzi choma. Programu ya simu inanihesabia protini gramu 135. Misuli haipandi, linalopanda ni tumbo. Huyo mbuzi wenu ana nini?"

Mbuzi hana kosa. Tatizo ni hiyo 135. Imepatikana kwa kuzidisha gramu 500 za mizani kwa asilimia 27, ambayo ni protini ya mnofu wa mbuzi ulioiva na usio na mfupa. Mchomaji hakukupimia mnofu ulioiva. Alikupimia nyama mbichi pamoja na maji yake, mfupa wake na mafuta yake, kisha akaipeleka motoni.

Hesabu hii mimi nimeipigania. Kocha niliyekuwa namlipa, ambaye simtaji, aliniambia mbele ya wenzangu kwamba nyama ya barabarani haihesabiki, niiache nile kifua cha kuku kama watu wenye nia. Akachukua daftari langu la chakula na kufuta mstari wa nyama choma kwa kalamu nyekundu. Daftari hilo ninalo mpaka leo. Jioni iliyofuata nilikwenda kwa mchomaji na mizani ndogo ya jikoni mfukoni. Nilipoitoa, akanitazama weee, akauliza kama nimetumwa kuja kukagua mizani yake. Ilibidi nimweleze kwamba ninayemkagua ni mimi mwenyewe. Wenzangu walicheka sana waliponiona nakusanya mifupa yao. Sasa hivi wao ndio wanaonipigia simu kuniuliza.

Basi twende kazini. Swali la kwanza, ambalo wengi hawaulizi: nyama imepimwa ikiwa mbichi au ikiwa imeiva? Kila kinachofuata kinategemea jibu hilo. Mnofu mbichi una protini kama asilimia 20. Ukichomwa, maji yanatoka, protini inabaki karibu yote, kwa hiyo mnofu ulioiva unafika 27. Protini haikuongezeka hata chembe, ila kipande kimepungua uzito. Ukichukua uzito wa mbichi ukauzidisha kwa namba ya iliyoiva, umejipa zawadi kabla hata hujagusa mfupa.

Sasa tuchukue nusu kilo hiyo ya msomaji, mchanganyiko wa paja na mbavu, imepimwa mbichi. Ikitoka jikoni iweke kwenye mizani yako: tuseme inasoma 385. Kabla ya kula, chambua mafuta meupe yanayoonekana uyapime peke yake: 40. Kula. Ukimaliza, pima kilichobaki: mifupa 130, na gegedu na kano ulizotafuna ukazitema, 20. Toa vyote hivyo kwenye 385, unabaki na mnofu gramu 195. Zidisha kwa asilimia 27, unapata protini gramu 53 hivi. Hamsini na tatu, ndugu yangu, siyo mia na thelathini na tano. Umekuwa ukila chini ya nusu ya unachokiandika, halafu unamlaumu mbuzi.

Angalia mfupa unavyodanganya. Mfupa haupungui sana motoni, lakini nyama iliyouzunguka inapungua. Gramu 130 za mfupa katika 500 za mbichi ni kama robo. Mfupa uleule katika 385 zilizoiva ni theluthi. Ndiyo maana anayeuziwa kwa uzito wa nyama iliyoiva hawezi kutumia makato ya mfupa ya mbichi. Mbavu ni mbaya zaidi, maana mfupa ni mwingi na katikati yake kuna mafuta. Steki isiyo na mfupa ndiyo pekee unayoweza kuikadiria kwa macho bila kuaibika.

Gegedu na kano nazo zina hila yake. Ni kolajeni kwa sehemu kubwa, na maabara inaihesabu kama protini kwa sababu ina naitrojeni. Lakini kolajeni haina kabisa triptofani, mojawapo ya asidi amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, kwa hiyo kwa kujenga misuli ni protini dhaifu. Sheria yangu ni nyepesi: ulichotema hakihesabiwi. Ulichomeza kikiwa kimelainika kama jeli, kihesabu nusu. Hiyo nusu ni uamuzi wangu tu, sijaitoa maabara.

Mafuta ndiyo yananifanya niongee kwa sauti ya juu. Mtu anaona moto unaruka kila tone linapoangukia mkaa, anasema, "Ah, mafuta yote yamechuruzika." Hayajachuruzika yote. Yanayodondoka zaidi ni ya nje na ya kati ya misuli, yale yaliyokaa karibu na moto. Yaliyomo ndani ya mnofu kwa sehemu kubwa yanabaki, na ule utando mweupe ukiiva unakauka juu lakini ndani bado ni mafuta. Wala usijaribu kukisia mafuta yaliyodondoka kwa kutazama uzito uliopotea, kwa sababu sehemu kubwa ya uzito huo ni maji. Katika mfano wetu zimepotea gramu 115 na huwezi kujua ni ngapi zilikuwa mafuta. Achana na yaliyodondoka, pima yaliyobaki. Mafuta yanayoonekana, yakishaiva, yahesabu kuwa mafuta halisi kwa asilimia 70, kinachobaki ni maji na nyuzi. Kwa hiyo 40 zinatoa 28. Mnofu wenyewe uongezee asilimia 5 kwa vipande usivyoweza kuchambua, kama 10. Jumla gramu 38.

Sasa piga kalori: protini 53 mara 4 ni 212, mafuta 38 mara 9 ni 342. Jumla 554, na zaidi ya nusu yake ni mafuta. Msomaji wangu, tumbo lako limejibiwa. Ukiyaacha yale mafuta meupe kwenye ubao, unaondoa kalori kama 250 bila kupoteza protini ya maana. Mimi huyaacha. Sikuombi ushauri kuhusu utamu wake.

Kwa siku ambazo huna mizani: nyama ya mbuzi yenye mfupa iliyopimwa mbichi, chukua asilimia 10 ya uzito kuwa protini. Nusu kilo, gramu 50. Kama imepimwa ikiwa imeiva, chukua 14. Kama imeungua na kukauka kama kamba, namba ya iliyoiva inapanda kidogo kwa sababu maji yamekwisha, ila ile ya mbichi haibadiliki. Ndiyo maana nikiwa na hiari, nasimama pale mizani inaposomwa kabla ya moto, na ninaandika nilichokiona.

Hesabu hii inayumba zaidi kwenye sahani ya pamoja. Kila mtu anasema amekula kidogo, na mifupa imerundikwa pamoja. Hapo usigawe kwa idadi ya watu. Omba mchomaji akukatie fungu lako ubaoni, ule kutoka hapo, na mifupa yako uiweke upande wako. Wakicheka, waache wacheke. Na yule anayekuchomolea vipande vya mnofu huku akikusukumia mbavu, mfahamu mapema, maana huyo peke yake anaweza kukupotezea gramu 15 za protini kabla hujamaliza kunawa mikono.